Wito kwa vyuo vya Ifakara: kila dodoso liwe na jina la aliyehoji

Ndugu wakufunzi na wanafunzi wa Ifakara, naomba tuzungumzie ule ukurasa wa kwanza wa ripoti ya kazi ya kikundi. Majina matano, sita, pengine kumi, kila jina na namba yake ya usajili, yamepangwa vizuri kama daftari la mahudhurio. Ripoti inapata alama moja, na alama hiyo wanapewa wote. Nani amebeba na nani amebebwa, wenyewe wanajua. Mkufunzi ndiye asiyejua, na ukurasa ule haumwambii kitu.

Wengi wetu tunasema mdandiaji ni mvivu tu, akemewe. Ukemeaji huo tumeujaribu miaka yote bila kufaulu, kwa sababu kulegea ndani ya kundi si uvivu wa mtu mmoja tu. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba na akachapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu ndogo zaidi. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa pamoja, lakini wataalamu wa Marekani waliorudia jambo hili miaka ya sabini, wakiwaambia watu wapige makofi na kelele, waliona kwamba watu walikuwa wanalegea kweli. Mwaka 1981 wakaongeza jambo moja: waliwafanya washiriki waamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake, hata akiwa kundini. Kulegea kukaisha. Watu walikuwa walewale na kelele ileile, ila sasa kila mmoja alijua kwamba jasho lake linaonekana.

Mkulima wa mpunga wa bonde hili hahitaji Mfaransa amweleze hayo. Watu wakiitana shambani, hawaachiwi tu shamba zima kama kundi la ng'ombe. Kila mtu anakatiwa ngwe yake, na ngwe iliyobaki na majani jioni ina mwenyewe. Kazi zetu za vikundi vyuoni hazina ngwe.

Chukua kazi ambayo kwa vyuo vya afya ni ya kawaida. Wanafunzi watano wanatumwa Lipangalala au Lumemo kuhoji kaya kuhusu matumizi ya vyandarua, kisha waandike ripoti. Mfano huu nimeutunga, lakini atakayeusoma atawatambua watu wake. Wawili wanazunguka na madodoso kwenye tope la masika. Mmoja anaingiza majibu kwenye kompyuta na kutengeneza majedwali. Mmoja anaandika ripoti usiku. Wa tano yumo kwenye grupu la simu, anajibu "tuko pamoja", na siku ya kuwasilisha anakuja amevaa vizuri kuliko wote.

Ripoti inapata 70. Badala ya kuwapa wote 70, mkufunzi anampa kila mwanafunzi karatasi ya siri na pointi 40 za kuwagawia wenzake wanne. Yeye mwenyewe hajipi kitu. Wote wakionekana wamefanya sawa, kila mmoja atapokea jumla ya 40. Katika kundi letu, mwandishi wa ripoti anapokea 48, mhojaji mmoja 45, mwenzake 44, mwenye majedwali 45, na wa tano 18. Huyu wa tano, kwa kuogopa kujulikana, amewagawia wenzake kumikumi wote. Hiyo nayo ni dalili, maana mtu asiyeijua kazi hana namna ya kutofautisha waliofanya.

Gawanya alichopokea kila mmoja kwa 40, uzidishe kwa 70. Mwandishi anapata 84 na wa tano 31 na nusu. Hapo mimi nasema tusiende mbali hivyo, kwa sababu makadirio ya wanafunzi yana makosa. Nusu ya alama ibaki ya kundi, nusu ifuate karatasi za siri. Kwa hesabu hiyo mwandishi anapata 77, wahojaji na mwenye majedwali wanapata kati ya 73 na nusu na 74 na ushee, na wa tano anapata karibu 51. Hajafukuzwa, ila hajalingana na aliyelala saa nane usiku.

Njia hii ina kasoro mbili ambazo sitaki kuzifunika. Ya kwanza: alama alizopoteza mdandiaji zimeangukia kwa wenzake, kwa hiyo ripoti ya 70 imewapa watu 74 na 77 ingawa haikuongezeka hata sentensi moja. Mkufunzi anaweza kuweka kikomo, kwamba hakuna anayepanda zaidi ya alama tano juu ya alama ya kundi. Kwa mfano wetu, mwandishi ataishia 75.

Ya pili ni nzito zaidi. Karatasi ya siri inaweza kuwa silaha. Marafiki watatu wa chumba kimoja wanaweza kumshusha wa nne waliyegombana naye. Kuna pia binti asiye na kompyuta, au kijana aliyekwama nyumbani njia ilipojaa maji, au yule aliyeomba kazi mara tatu na kiongozi wa kundi akamjibu "wewe acha, utaharibu". Huyo amenyimwa ngwe, halafu anaadhibiwa kwa kutolima. Kwa karatasi peke yake huwezi kumtofautisha na mdandiaji.

Ndiyo maana naomba ushahidi utangulie karatasi. Siku ya kwanza kundi liandike nani atafanya nini, na mkufunzi abaki na nakala. Kila dodoso liwe na jina la aliyehoji na tarehe. Madodoso 50 yakiwa na jina la mtu mmoja, hilo halihitaji mjadala. Rasimu za ripoti zihifadhiwe kwa tarehe zake. Katikati ya kazi, wiki mbili kabla ya kukusanya, mkufunzi aulize kama kuna mtu hana kazi, maana kumwokoa aliyenyimwa kunawezekana wakati huo, si baada ya alama kutoka. Mwisho, kila mwanafunzi aulizwe maswali mawili kuhusu sehemu isiyo yake: kwa nini mlichagua kaya hizi, jedwali hili linasema nini. Dakika tano zinatosha. Na makundi yawe ya watu wanne au watano. Kundi la kumi ni kuwapunguzia wakufunzi kazi ya kusahihisha, tuseme ukweli.

Wapo watakaosema huu ni udhia wa Ulaya. Basi waende hapahapa mjini, kwenye Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara iliyofunguliwa na Waswisi miaka ya hamsini. Wasome makala za watafiti wake wa malaria. Mwishoni mwa nyingi kuna aya fupi ya michango, yenye vifupisho vya majina: huyu alibuni utafiti, huyu alikusanya mbu, huyu alichambua takwimu, huyu aliandika rasimu. Watafiti wazima, wenye shahada zao, wanatakiwa na majarida kusema nani alifanya nini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuona ni aibu kuandika aya kama hiyo.

Wakufunzi, muhula ujao jaribuni kwa kazi moja tu, yenye alama chache, na watangazieni wanafunzi utaratibu siku mnayogawa makundi, si siku ya kusahihisha. Wawakilishi wa madarasa, msisubiri tangazo: pelekeni ombi kwa mkuu wa idara mkiwa na fomu ya mgawanyo wa kazi mkononi. Na wewe uliyezoea kujibu "tuko pamoja" kwenye grupu, waulize wenzako leo madodoso yako ni yapi.