Kufika Salama Si Hoja

Ndugu msomaji, iko desturi mbovu iliyozoeleka katika mabaraza yetu, nayo ni kuwahukumu watu kwa yaliyowatokea, si kwa waliyoyatenda. Mtu akizembea na uzembe wake usimdhuru mtu, twacheka naye na pengine twamsifu. Mwenziwe akizembea vile vile ukatokea msiba, twamwita muuaji. Na wa tatu, ambaye hakuzembea hata kidogo, akipatwa na mkasa, twamtia kapu moja na yule wa pili. Huu ni udhalimu, tena ni udhalimu unaozaa misiba mingine.

Nisikuchoshe kwa maneno ya jumla. Tuitazame barabara yetu ya kutoka Tanga mpaka Horohoro mpakani, kilomita 65 hivi. Ilipokuwa ya udongo, mashimo yenyewe yalimzuia dereva. Tangu ilipotiwa lami, kinachomzuia ni sheria na kumcha Mola wake tu. Sheria yamtaka apitapo penye makazi ya watu asizidi kilomita 50 kwa saa. Basi tuwachukue madereva watatu wanaopita Duga jioni moja, wakati watoto wanatoka chuoni. Hawa ni watu wa mfano, wala sikumkusudia yeyote.

Dereva wa kwanza yumo katika mwendo wake wa 50, macho mbele, breki nzima. Mtoto anachomoka nyuma ya gari lililosimama, mita 15 tu mbele yake. Mtoto anagongwa, anakufa. Dereva wa pili anapita pale pale kwa mwendo wa 80. Hatokei mtoto wala mbuzi. Anafika Horohoro mapema, na abiria wake wanateremka wakisema, "Huyu ndiye dereva, ametuwahisha!" Dereva wa tatu naye anapita kwa 80. Mtoto anaingia barabarani mita 40 mbele yake, naye anamgonga na kumwua.

Usiku ule baraza litasema nini? Litasema wako wauaji wawili na fundi mmoja. Nami nasema baraza limekosea kwa wote watatu, na hesabu yenyewe itashuhudia.

Mtu akiona hatari, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari la mwendo wa 50 huwa limekwenda mita 14, na la 80 huwa limekwenda mita 22. Kisha breki ndiyo kwanza inaanza kazi. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari la 50 litahitaji mita 14 nyingine ili lisimame, lakini la 80 litahitaji mita 35. Usistaajabu kuona tofauti imekuwa kubwa hivi, kwani mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya breki huwa mara nne. Basi jumla yake, wa 50 husimama katika mita 28, na wa 80 katika mita 57.

Sasa mrudie dereva wa kwanza. Mtoto alitokea mita 15 mbele, na mita 14 zilikwisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Hakuna mwanadamu ambaye angeweza kusimamisha gari lile. Kisha mtazame wa tatu. Lau angekuwa katika mwendo wa 50, angesimama na mita 12 zikabaki kati yake na mtoto. Lakini kwa mwendo wa 80, mita 22 zilipotea kwanza, zikabaki 18 za breki, na gari likamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wa kama 56. Yaani alimgonga mtoto, baada ya kufunga breki kwa nguvu zake zote, kwa mwendo uliozidi ule aliotakiwa kuwa nao kabla hajamwona!

Hiki ndicho kipimo, msomaji. Usiulize, "Je, mtoto amekufa?" Uliza, "Lau mtu huyu angetenda lililompasa, mtoto angepona?" Kwa wa kwanza jibu ni la. Kwa wa tatu jibu ni ndiyo. Wala usidhani kuwa 50 ni hirizi. Mvua ikinyesha au tairi likiwa kipara, masafa hayo hurefuka, na anayejua tairi lake ni kipara kisha akaenda 50 hawezi kusema alikuwa katika haki yake.

Na wa pili je? Mguu wake ulikuwa pale pale ulipokuwa mguu wa wa tatu, na moyo wake ulikuwa pale pale. Kilichowatenga ni mtoto mmoja kuchelewa kutoka chuoni. Mtoto yule hakuwa kazi ya dereva, basi vipi sifa zimwendee dereva? Katika kile kilichokuwa mikononi mwao, wawili hawa ni sawasawa. Walihatarisha roho za watu kwa ajili ya kuwahi. Mmoja amesitiriwa, na sitara si cheti cha wema.

Watu wa namna hii wametugharimu sana. Wengi wetu tunaosafiri kutoka Horohoro kwenda Mombasa twakivuka kivuko cha Likoni, na jirani yake ndipo pale Mtongwe, ambapo tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka wakafa watu 272. Kiliwekewa kikomo cha watu 300 na kilikuwa na kama 400. Siku ya msiba kila mtu alilaani kujaza watu. Lakini nakuuliza: ni nani katika pwani yetu ambaye hajapata kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, kikafika, akateremka kimya? Kimya kile ndicho kinachomfundisha nahodha kwamba yawezekana. Msiba haukuanza siku chombo kilipozama, bali ulianza siku za nyuma kilipojaa na watu wakasema, "Si tumefika?"

Sharia haikuchanganya kama tunavyochanganya sisi. Yenyewe imeweka mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina mlango wake. La kwanza ni dhambi. Hiyo hufuata makusudio na uzembe wa mtu, na Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, yatufahamisha kuwa lililofanywa kwa kukosea halina lawama, bali lawama ni kwa lililokusudiwa na nyoyo. La pili ni dia, na hiyo ni haki ya waliofiwa. La tatu ni kafara, nayo ni baina ya mtu na Mola wake. Haya mawili yametajwa pamoja katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, kwa aliyeua kwa kukosea: dia wapewe jamaa zake aliyekufa, ila wakisamehe, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo.

Zingatia hekima iliyomo. Dia ya kuua kwa kukosea haikuwekwa juu ya mkosaji peke yake, bali hubebwa na jamaa zake wa kiumeni, na maulamaa wamesema hulipwa katika muda wa miaka mitatu. Lau dia ingekuwa adhabu ya dhambi, vipi angetwikwa ami na binamu ambao hawakuwamo garini? Ni kwa sababu dia haikuja kumwadhibu mtu. Imekuja kuziba pengo la nyumba iliyofiwa. Kwa hivyo mtu aweza kuwa na deni bila kuwa na dhambi, na aweza kuwa na dhambi bila kuwa na deni. Dereva wetu wa pili ndiye huyo wa mwisho: hana anayemdai duniani, lakini ana la kutubia.

Ama dereva wa kwanza, hata hilo deni lina mazungumzo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 lilikata kwamba dereva huwajibika kwa madhara aliyoyaleta kwa gari, ila ikiwa yametokana na nguvu asiyoweza kuizuia, au na kitendo cha aliyedhurika mwenyewe chenye athari kubwa katika kuleta ajali, au na kosa la mtu mwingine. Basi mtu kama huyu aende kwa mwenye elimu na amweleze kila kitu bila ya kuficha. Hukumu yake haitoki barazani.

Najua mtasema, "Yote ni kudra, saa yake mtoto ilikuwa imefika." Naam, ajali ya mtoto i mikononi mwa Mungu, lakini mwendo wa gari ulikuwa mguuni mwako. Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham akafikiwa na habari za tauni, aliwarudisha watu. Alipoulizwa kama anakimbia kudra ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kwenda kwenye kudra yake nyingine. Kudra ni faraja ya aliyefiwa. Haikuwekwa iwe maficho ya aliyezembea.

Na wengine watasema, "Mbona serikali nayo humwadhibu zaidi aliyeua?" Ni kweli. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imelifanya kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kuwa kosa mbali na uendeshaji wa hatari wenyewe. Mahakama ina sababu zake, kwani huhukumu kwa lililothibiti, na maiti ni ushahidi usiokanika. Lakini wewe uliyekuwa umekaa ndani ya gari la wa pili hukuhitaji maiti ili ujue. Uliona miti inavyopita dirishani, ukanyamaza, kisha ukamsifu.

Basi tuwape watu wanachostahiki. Dereva wa kwanza tusimwepuke sokoni wala msikitini. Twende kwake tumwambie hana kosa, na yeye aende kwa waliofiwa, akae nao matangani, awasaidie kwa analoliweza. Asiseme "halinihusu", kwani mkono wake ulikuwamo hata kama moyo wake haukuwamo. Dereva wa tatu tusimwokoe kwa neno la kudra, bali abebe alichokitenda, alipe na atubie. Na wa pili, huyo hasa, tumnyime ile sifa. Akipita Duga kwa 80, mwambie apunguze. Akikataa, mwambie akuteremshe. Na akikufikisha Horohoro mapema, usimwambie ahsante.

Kwani siku mtoto atakapotoka chuoni kwa wakati wake, na dereva yule akawa njiani kwa mwendo ule mliomzoeza, utasema wewe hukuwamo?