Pikipiki ya deni: ile 3% inatupita wapi?

Kwetu Kolwezi, kila mukingojea usafiri wa kareri asubuhi, mutasikia wenzetu wanaongelea pikipiki ya deni. Avansi kidogo, unapanda, unaondoka. Intere ni 3% tu kwa mwezi. Hiyo "tu" njo inatuuma, na leo tunataka tuipige hesabu mbele yenu, bila kuficha.

Jirani yetu mumoja, mutu wa shimo, alitaka pikipiki kwa ajili ya mutoto wake mukubwa, apate kufanya taksi. Kwa kulipa mara moja, bei ilikuwa dola 1,400. Alitoa avansi 200, ikabaki 1,200 ya kulipa kwa miezi 12. Muuzaji akamufanyia hesabu hivi: 1,200 kugawanya kwa 12 ni 100, na 3% ya 1,200 ni 36. Kila mwezi, dola 136. Jirani akaona ni sawa, akatia sinyatire.

Sasa muchukue kalamu. 136 mara 12 ni 1,632. Ongezeni avansi 200, inafika 1,832. Pikipiki ya 1,400 imemutokea kwa 1,832. Dola 432 zimeenda bure, na hakuna fasi yoyote kwenye kontra ambapo hiyo 432 imeandikwa. Imeandikwa 136 na imeandikwa 12, basi.

Lakini siri yenyewe iko ndani zaidi. Mwezi wa kwanza jirani alikuwa na deni ya 1,200, kulipa 36 ni 3% kweli. Mwezi wa saba, amekwisha kurudisha 600, amebakia na 600. Intere ilipaswa kuwa 18, lakini anaendelea kutoa 36. Mwezi wa mwisho deni imebaki 100 peke yake. 3% ya 100 ni dola 3. Yeye anatoa 36 tena! Analipa intere ya franga ambazo amerudisha zamani. Kama wangehesabu kila mwezi juu ya deni inayobaki, intere yote ingekuwa 234, hapana 432. Njo maana sie tunasema ile 3% ya magazini, kwa kweli, inakaribia 5%.

Tena kuko wale wanaohesabu intere juu ya bei yote ya 1,400, kama vile avansi yako haukuitoa. Hapo inakuwa 42 kwa mwezi, na 504 kwa mwaka. Ukiona kwenye karatasi namba ya kila mwezi ni 142 mahali pa 136, ujue umeingia humo.

Mutego mwingine ni kuongeza miezi. "Papa, 136 ni mingi? Tukupatie miezi 18." Kila mwezi inashuka karibu 103, moyo unatulia. Lakini 36 mara 18 ni 648. Umepunguza mzigo wa mwezi kwa dola 33, umeongeza bei kwa dola 216. Kwa sie watu wa shimo, mvua ikija maji yanajaa chini na kazi inasimama wiki mingi, tunaelewa kwa nini mutu anakubali. Hatumuchekei. Ila aijue ile 648 mbele ya kutia sinyatire.

Na kama minere imetoka vizuri, unataka kumaliza deni katika mwezi wa sita? Uliza kwanza. Jirani alienda na dola 600 mkononi, wakamuambia ni 816, yaani 136 mara 6 iliyobaki. Kumaliza mapema hakukumupunguzia hata dola moja, kwa sababu kontra haikusema intere ya miezi inayobaki inaanguka. Jambo hilo liandikwe kwenye karatasi, maneno ya mdomo ya muuzaji hayatoshi.

Kwa mawazo yetu, kila magazini ingelazimishwa kuandika juu kabisa ya kontra: bei ya kulipa mara moja, jumla utakayotoa, na tofauti yake. Mistari tatu. Anayeuza kwa haki, itamuuma nini?

Ba mama wa kwetu walituonyesha njia ingine, likelemba. Watu 10, kila mutu dola 140 kwa mwezi, ni 1,400: kila mwezi mumoja ananunua pikipiki yake bila intere. Inakaribia ile 136, na hakuna avansi. Ubaya wake tunaujua: wa kumi anangojea miezi kumi bila mashini, na wa kwanza anaweza kupokea kiisha akahama kareri. Kwa hiyo ba mama wanawapa nafasi za kwanza wale wenye nyumba na watoto kwenye masomo hapa hapa, na mugeni anapokea mwishoni.