Goma: Ramani ya maji isiaminiwe kabla ya kuangalia alama ya kutoa

Bomba la maji likionyeshwa mahali pasipo pake kwenye ramani, lori halifiki, na familia zilizohama zinabaki na bidoni tupu. Kosa huanzia kwenye orodha.

Goma iko latitudo -1.68 na longitudo 29.22. Programu ya QGIS inaomba X kwanza, yaani longitudo, lakini wengi wanaweka latitudo. Nukta inaangukia jangwani Aljeria. Kosa hilo linaonekana haraka: kaskazini mwa ikweta latitudo ya Kongo haifiki 6, basi ukiona 29 hapo, safu zimebadilishana.

Kosa la hatari ni alama ya kutoa iliyosahauliwa. 1.68 inapeleka bomba la Goma Ituri, upande wa Mambasa. Bado ni ndani ya Kongo, hivyo hakuna anayeshtuka.

Kuna wanaorekebisha kwa kuweka alama hiyo kwenye orodha nzima. Hapo wanaharibu Beni na Butembo, miji iliyo kaskazini mwa ikweta. Kila mstari ubaki na jina la mtaa au kijiji, na urekebishwe kwa kufuata jina hilo.