Kadi Haimalizi Neno

Mwandishi aliyedai katika toleo lililopita ya kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi za afya, akishahifadhi kadi za viambishi na mizizi, hana tena haja ya kamusi, nadhani hajapata kuzijaribu kadi hizo kwa neno lenye ukaidi.

Natutwae hidradenitisi. Kadi humwambia mwanafunzi kwamba “hidro” ni maji, “adeni” ni tezi, na “-itisi” ni uvimbe wenye mwako. Naye, kwa kuutii mkato huo, hupata uvimbe wa tezi ya maji, tezi ambayo hakuna mpasuaji aliyepata kuiona. Kiyunani kina maneno mawili yaliyokaribiana, la maji, ambalo kwa Kilatini huandikwa kwa “y”, na la jasho, liandikwalo kwa “i”. Nasi tuandikao kwa tahajia ya Kiswahili tumeifuta hata tofauti hiyo ya herufi moja.

Bali hata akilipata jasho, hajaokoka. Maradhi yenyewe, yaani majipu yarejeayo kwapani na kinenani na kuacha makovu, huanzia kwenye vifuko vya vinyweleo vilivyoziba, wala si kwenye tezi za jasho. Waliolipa jina walidhani vingine, na jina likabaki. Kadi, basi, imekata sawasawa neno lililokosewa tangu asili.

Mimi sizichomi kadi. Nyuma ya kila moja huandika kwa wino mwekundu neno zima, maana yake wodini, na mahali linapohadaa. Na upande huo ndio huchakaa kwanza.