Giza Kidogo Pembezoni, Ili Bibi Aonekane



Jirani yetu alinijia juzi baada ya swala ya Alasiri akiwa na simu ya binti yake mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha moja aliyotaka isafishwe kwa karatasi na kutiwa fremu. Ni picha ya mama yake mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameketi juu ya mkeka uani pamoja na mjukuu wake, msahafu uko mbele yao, na kidole cha bibi kinaonyesha herufi. Ilipigwa siku ya mawingu, wiki chache kabla ya kufariki kwake. Hakuna nyingine inayowaonyesha wawili hao pamoja.

"Kaka," akaniambia, "kila mtu ninayemwonyesha picha hii huniuliza kwanza habari za dumu."

Nilipoitazama nikaelewa. Bibi na mjukuu wameketi upande wa kulia, nao wamevaa nguo za rangi iliyofifia, isipokuwa ushungi mweupe wa bibi. Upande wa kushoto kuna ukuta uliopakwa chokaa, na chini ya ukuta huo limesimama dumu la maji la rangi ya njano. Siku ya mawingu nuru huenea sawasawa kila mahali: hakuna kivuli, wala hakuna upande wa uso unaong'aa kuliko mwingine. Jicho la mwanadamu likikosa pa kushika, hukimbilia penye weupe mkubwa na rangi kali. Katika picha hii vyote viwili vilikuwa kwenye ukuta na dumu, mbali na bibi.

Kijana mmoja alikwisha kumshauri alifute dumu kabisa. Jirani alikataa. Dumu lile lilikuwa la bibi, na ua ule ndio ua wake. Hakutaka kumbukumbu ya mama yake iwe na kitu cha kubuni. Basi nikamwambia kuwa lipo jambo jingine tunaloweza kulifanya: tusiondoe kitu wala tusiongeze kitu, ila tupange upya nuru iliyomo, ili jicho lifike kwa bibi kwanza na kwa dumu baadaye. Wapiga picha wa zamani walifanya hivyo katika chumba cha giza kwa kipande cha kadibodi kilichotobolewa tundu, wakizipa pembe za karatasi nuru zaidi ili ziive na kuwa nyeusi. Sisi tulitumia kompyuta na programu ya bure iitwayo GIMP.

Nyenzo zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni vinyeti, yaani giza linaloanza pembezoni mwa picha na kufifia taratibu kuelekea ndani. Ya pili ni barakoa yenye umbo: eneo tunalolichora wenyewe kulizunguka jambo fulani, ili badiliko la nuru liguse humo tu na kwingineko kubaki kama kulivyokuwa.

Watu wengi huishia kwenye vinyeti peke yake, na hapo ndipo wanapoharibu. Vinyeti vya kawaida huweka kitovu chake katikati ya picha. Bibi wetu hakuwa katikati. Tulipovijaribu kwa kubonyeza tu, mgongo wake uliingia gizani, na sehemu iliyobaki na nuru nzuri ikawa ule mwanya mtupu kati yake na ukuta. Zaidi ya hapo, vinyeti havijui kilichomo pembezoni. Chokaa nyeupe ikitiwa giza jingi haiwi kivuli, huwa kijivu kilichochujuka, mithili ya ukuta uliokula moshi. Kwa hiyo tulianza na barakoa, na vinyeti tukaviacha viwe vya mwisho na vya kiasi.

Kabla ya yote tuliikata picha, tukipunguza anga tupu upande wa juu. Ukataji lazima utangulie, kwa sababu vinyeti hupimwa kutoka kwenye kingo. Ukikata baadaye, upande mmoja utabaki na giza na mwingine utalikosa.

Kisha tukachukua kifaa cha `Free Select`, tukachora mstari kuwazunguka bibi, mjukuu na msahafu kwa pamoja. Hatukufuata kila mkunjo wa nguo. Tulichora umbo pana lenye mfano wa yai lililolala, likipita kidogo nje ya miili yao, kisha tukabonyeza `Enter`. Picha ilikuwa na upana wa pikseli 4000, na umbo letu lilichukua kama 1500. Tukaenda `Select`, kisha `Feather`, tukaandika 180. Namba hiyo hulainisha ukingo, ili badiliko lisikome ghafla bali liyeyuke. Ukiandika 10 tu, utapata mstari kama wa mkasi. Mimi huanza na takriban sehemu moja ya kumi ya upana wa umbo, kisha nikapunguza au kuongeza kwa kutazama.

Baada ya hapo tulirudufu tabaka la picha kwa `Layer`, kisha `Duplicate Layer`. Juu ya nakala hiyo tukaweka barakoa kwa `Layer`, `Mask`, `Add Layer Mask`, tukachagua `Selection`. Maana yake ni kwamba nakala ile sasa inaonekana ndani ya umbo tu. Tukaondoa uteuzi kwa `Select`, `None`, tukabonyeza kijipicha cha tabaka lenyewe, wala si kile cha barakoa kilicho kando yake, kisha tukafungua `Colors`, `Exposure`. Katika kipimo hiki, kuongeza moja ni kuzidisha nuru mara mbili. Sisi tuliongeza 0.5 tu, na nyuso zikajitokeza.

Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni ngozi. Ngozi nyeusi ikisukumwa sana kwenye nuru hupoteza wekundu na udhahabu wake, ikawa kama imepakwa majivu. Tulipojaribu 1.2, binti aliyekuwa ameketi nasi akasema, "Huyu si bibi." Alisema kweli, tukarudi kwenye 0.5. Hatari ya pili ni ushungi. Kitambaa cheupe kilikuwa karibu na ukomo wake tangu mwanzo, na nuru iliyoongezwa ikaanza kufuta mikunjo yake. Dawa yake ni kubonyeza kijipicha cha barakoa, kuchukua brashi laini yenye rangi nyeusi, kuishusha `Opacity` yake hadi 30, na kuipitisha juu ya ushungi mara moja au mbili. Katika barakoa, nyeusi huficha na nyeupe huonyesha. Mikunjo ikarudi.

Tukalirudia zoezi hilohilo kwa dumu pamoja na sehemu ya ukuta iliyo nyuma yake, tukianza tena na nakala ya picha ya asili. Safari hii tulipunguza `Exposure` kwa 0.7, kisha kwa `Colors`, `Saturation` tukaishusha `Scale` hadi 0.7, ili unjano upoe. Dumu likabaki kuwa dumu la njano, lakini likaacha kupiga kelele. Ukuta tuliugusa kwa umbo pana lenye ukingo laini zaidi, ili pasionekane baka la kivuli lisilo na mwenyewe.

Hapo ndipo tulipofikia vinyeti. Tukafungua tabaka jipya juu ya yote kwa `Layer`, `New Layer`, tukachagua lijazwe rangi nyeupe, na `Mode` yake tukaifanya `Multiply`. Katika hali hiyo nyeupe haibadilishi chochote kilicho chini yake, na kadiri inavyokaribia weusi ndivyo inavyotia giza. Juu ya tabaka hilo jeupe tukaita `Filters`, `Light and Shadow`, `Vignette`. Kitovu tukakisogeza kulia hadi kikakaa kati ya uso wa bibi na msahafu. `Radius` tukaipanua mpaka giza likaondoka mgongoni mwake, na `Softness` tukaiongeza ili mpaka wa nuru na giza usitambulikane. Mwisho, tukaishusha `Opacity` ya tabaka zima hadi 35. Faida ya kuviweka katika tabaka lao ni hiyo: ukivikuta vizito kesho, unapunguza namba moja tu, na picha ya asili iko salama chini.

Utajuaje kama umezidisha? Mimi hutumia njia tatu. Kwanza, naipunguza picha kwenye skrini hadi iwe ndogo kama stempu. Ikiwa ninachokiona ni duara la nuru kabla ya mtu, giza limezidi. Pili, nazima na kuwasha tabaka kwa alama ya jicho iliyo kando yake. Tofauti inapaswa kuonekana wakati wa kubadilisha. Ukiiwasha na kutulia, isikusumbue. Tatu, namwonyesha mtu ambaye hajaiona, kwa sekunde mbili tu, kisha namuuliza ameona nini. Tulimwita mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza nje. Akasema, "Bibi anasomesha." Hakulitaja dumu.

Lipo jambo la karatasi pia. Skrini hutoa nuru yake yenyewe, karatasi huiazima nuru ya chumba. Kwa hiyo pembe zilizoonekana za kiasi kwenye kompyuta huweza kutoka nzito na kufungamana. Kabla ya kulipia picha kubwa ya fremu tulisafisha moja ndogo kwanza. Kweli, kona ya chini ya kushoto ilikuwa imemeza mistari ya mkeka. Tukashusha `Opacity` ya vinyeti kutoka 35 hadi 25, mkeka ukaonekana tena.

Nisiwafiche pia mipaka ya kazi hii. Vinyeti na barakoa haviwezi kuinoa picha iliyotikisika, wala haviwezi kuifanya nuru ya mawingu iwe nuru ya asubuhi inayoingia kwa upande mmoja. Na kama picha yako tayari ina nuru ya dirishani, usiizungushie giza sawasawa kila upande. Upande wa dirisha uachie nuru yake, maana giza likikaa panapotoka mwanga, jicho hutambua kuwa pana uongo hata kama halijui uko wapi.

Picha sasa imetundikwa sebuleni kwa jirani. Dumu limo, ukuta umo, na kile kidole cha bibi kilichokuwa kimepotea ndani ya weupe wa siku ile ndicho kinachoonekana mapema, kikiwa juu ya herufi aliyokuwa akimfundisha mjukuu wake.