Finjani kabla ya mbaazi

Chuma kilicho kwenye mbaazi za nazi ni cha mimea, na kahawa hukinasa tumboni kabla mwili haujakifyonza. Utafiti uliochapishwa Marekani 1983, kwa mlo wa mkate na nyama, ulikuta kikombe kimoja cha kahawa kikipunguza ufyonzaji kwa asilimia 39. Kikinywewa saa nzima baada ya kula hasara ilikuwa ileile, ila saa moja kabla hakikuathiri kitu. Kwa hiyo kahawa chungu ya dele inayonywewa alasiri Mji wa Kale, kwa kashata, haina kosa. Kosa ni finjani inayofuata sahani papo hapo. Utasema finjani ni ndogo. Ni kweli, lakini kahawa yake imekolea, na nani huishia moja? Chai nayo si kimbilio: katika utafiti huohuo ilipunguza asilimia 64. Mwenye damu ya kutosha, alaye samaki na nyama, asihangaike. Wa kutazama saa ni mjamzito aliyepewa kliniki vidonge vya chuma: avimeze kwa maji, ya ndimu akipenda, na kahawa ingoje kama saa mbili hivi. Naye anayemeza levothairoksini ya tezi aitangulize alfajiri kwa maji matupu, kisha kahawa baada ya saa nzima.