Shingo Isiyoinama Haingoji Asubuhi

Katika mwambao wetu, mtu akishikwa na homa, jina la kwanza litajwalo nyumbani ni malaria, na mara nyingi si kosa. Ila ipo homa nyingine ianzayo kwa sura hiyo hiyo, nayo haitupi fursa ya kulala tukangoja kupambazuke. Ni homa ya uti wa mgongo. Wengi wetu tumelijua jina lake kwa sababu ya sindano wanayodungwa mahujaji kabla ya safari ya Makka. Lakini sindano hiyo humkinga aliyedungwa. Kijana aliyebaki nyumbani bila kuipata hana kinga yake.

Ubongo na uti wa mgongo umefunikwa kwa tando nyembamba, na baina ya tando hizo mna maji safi kama maji ya kunywa. Bakteria wakipenya humo kutoka katika damu, hukuta mahali penye kinga haba, wakazaana kwa kasi. Tando huvimba na kuuma. Na kwa kuwa tando hizo hushuka pamoja na uti hadi kiunoni, kuinamisha kichwa mbele huzivuta zote, nayo misuli ya shingo hukaza ili kuuzuia mvuto huo. Ndiyo sababu shingo hukakamaa. Macho nayo hushindwa kustahimili mwangaza, kwani tando zilizovimba hufanya hata nuru ya kawaida kuwa maumivu.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 16. Alhamisi usiku alilala mzima. Ijumaa alfajiri aliamka na homa, kichwa kikimgonga na miguu ikimuuma. Saa mbili asubuhi mama yake alimpa panadoli. Homa ikashuka kidogo, na nyumba ikatulia. Saa sita mchana alipelekwa zahanati, akapimwa malaria, na kipimo kikaonyesha vimelea. Akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Saa kumi alitapika, akaomba dirisha lifungwe, akajifunika shuka usoni. Magharibi alipoitwa ale, aliinuka kama aliyefungiwa ubao mgongoni. Baada ya isha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mmoja wa jamaa akasema kuwa kijana ameingiliwa.

Wakati wa kutoka nyumbani ulikuwa saa kumi, kijana alipoukimbia mwangaza. Waliomzunguka walizuiwa na mambo mawili. La kwanza ni panadoli, ambayo hushusha joto la mwili lakini haiwagusi viini vilivyo katika maji ya uti. La pili ni kile kipimo cha malaria. Kipimo hakikusema uongo. Lakini katika nchi ya malaria mtu aweza kuwa na vimelea katika damu ilhali kinachomuumiza ni kingine. Kuonekana kwa malaria hakufuti homa ya uti wa mgongo.

Na kuhusu kuingiliwa, tuna neno kwetu sisi tunaoitwa kusoma. Mgonjwa mwenye homa aliyekakamaa shingo, anayeuchukia mwangaza na kuweweseka, asomewe garini akipelekwa hospitali. Kisomo hakihitaji abakizwe kitandani. Yeyote anayesema angoje kombe limalizike kwanza anamnyang'anya kijana huyo saa ambazo hazirudi.

Nyumbani yapo mambo machache ya kutazama, nayo huchukua dakika moja. Mwambie kijana afunge mdomo, kisha ashushe kidevu mpaka kiguse kifua. Aliyelala vibaya huumwa zaidi akigeuza shingo kushoto au kulia, na kwa kawaida huwa hana homa. Mwenye homa ya uti wa mgongo hushindwa zaidi kuinama mbele. Asilazimishwe wala asivutwe kichwa. Kisha tazama ngozi yake. Aina moja ya bakteria hawa huleta madoa mekundu au ya zambarau; ukiyakandamiza kwa bilauri ya kioo, hayapotei. Katika ngozi nyeusi madoa hayo ni rahisi kutoonekana, basi yatafutwe kwenye viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaani. Mikono na miguu iliyo baridi ilhali kiwiliwili kinawaka moto nayo ni ishara mbaya.

Lakini tufahamu mpaka wa dalili hizi. Wagonjwa wengi hawazipati zote kwa pamoja, na katika saa za mwanzo shingo yaweza kuinama vizuri. Kwa hiyo shingo laini haitoshi kutuliza nyoyo ikiwa kijana ana homa, kichwa kinamuuma kupita kawaida yake, anatapika, na anazidi kusinzia au kuchanganyikiwa.

Aende moja kwa moja hospitali yenye daktari, maabara na vitanda vya kulaza, hata ikiwa ni saa nane za usiku. Mlangoni msiseme tu kwamba ana homa, kwani wenye homa ni wengi na foleni ni ndefu. Semeni: "Ana homa tangu alfajiri, shingo haiinami, hataki mwangaza, tunahofia homa ya uti wa mgongo." Tajeni pia kila dawa aliyokwisha kumeza na saa aliyoimeza. Na vile vidonge vya amoksilini vilivyobaki kabatini asipewe: havitoshi kuuponya ugonjwa huu, bali huwaficha bakteria wasionekane maabara.

Hospitalini dawa hupitishwa kwenye mshipa, na mara nyingi ni seftriaksoni. Lengo ni dawa ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Daktari pia ataomba kuchota maji ya uti kwa sindano, na hapa ndipo familia nyingi hukataa, zikihofia kwamba mtoto atapooza. Uti wenyewe huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, palipo na maji na nyuzi za neva zielekeazo miguuni, si uti. Maji yakitoka safi, daktari hupata fununu moja. Yakitoka na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, hupata nyingine, na maabara humtambulisha kiini chenyewe. Ikiwa kipimo hicho kitachelewa, dawa haikingoji.

Haraka hii ina hesabu yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika kila watu sita wanaopatwa na homa hii inayoletwa na bakteria, mmoja hivi hufariki, na mmoja katika watano hubaki na madhara makubwa. Dhara moja linalosahaulika ni uziwi. Kijana akipona, masikio yake yapimwe kabla ya kutoka hospitali au katika wiki chache zinazofuata, asije akarudi darasani akaambiwa ni mkaidi ilhali hasikii.

Jambo la mwisho ni la wale waliobaki nyumbani. Daktari akisema kiini ni meningokoka, wale waliolala chumba kimoja na mgonjwa au kuishi naye nyumba moja huhitaji dawa ya kinga, na inafaa wapewe ndani ya siku moja tangu ugonjwa kujulikana. Muulizeni daktari jambo hilo kabla hamjaondoka wodini, na mkumbuke kuwataja wenzake wa bweni ikiwa alikuwa akilala shuleni.